Ufa wa Milimita Tatu

Jioni ya tarehe 15 Desemba 1967, mnamo saa kumi na moja, magari yalikuwa yamesongamana juu ya Daraja la Silver, lililovuka mto Ohio nchini Marekani na kuunganisha mji wa Point Pleasant, jimbo la West Virginia, na jimbo la Ohio. Watu walikuwa wakirudi kutoka kazini, na wengine wametoka kununua vitu vya Krismasi. Daraja lilianguka lote, minara na njia, kwa muda mfupi kiasi kwamba waliokuwa juu yake hawakupata nafasi ya kukimbia. Watu 46 walikufa.

Wachunguzi waliyaopoa mabaki mtoni, wakayapanga nchi kavu kipande kwa kipande, na hatimaye wakafika mahali uharibifu ulipoanzia. Palikuwa na ufa wenye kina cha milimita 3 hivi, ndani ya tundu la bapa moja la chuma. Bapa hilo lilikuwa na upana wa sentimita 30 na unene wa sentimita 5. Ukilitazama kwa jicho la kawaida, ungesema ufa ule umekula kama sehemu moja tu ya mia ya upana wake, na chuma kilichobaki kingetosha kubeba mzigo mara nyingi.

Jicho hilo la kawaida ndilo linalodanganya. Ufa hauhesabiwi kwa kiasi cha chuma ulichokula. Una hesabu yake, na hesabu hiyo si ngumu: aliyesoma kipeo na kipeuo cha pili shuleni anaweza kuifanya kwenye karatasi na kupata urefu ambao ufa ukiufikia, kitu kinavunjika. Tutaifanya hapa, tukitumia daraja lile lile.

Kwanza tuone lilivyojengwa. Lilifunguliwa mwaka 1928. Madaraja mengi ya kuning'inia hubebwa na kamba nene zilizosokotwa kwa maelfu ya nyaya, lakini hili lilining'inizwa kwa minyororo miwili, mmoja kila upande. Kila kiungo cha mnyororo kilikuwa mabapa mawili tu ya chuma, marefu, yenye tundu la duara kila mwisho, na pini nene ilipita kwenye matundu hayo kuunganisha kiungo kimoja na kinachofuata. Ili mabapa mawili yatoshe pale ambapo mahali pengine pangewekwa manne au zaidi, wajenzi walitumia chuma kilichopashwa moto na kupozwa kwa utaratibu maalumu ili kiwe na nguvu kubwa. Kwa sababu kilikuwa na nguvu, kilipewa mzigo mkubwa zaidi kwa kila sentimita ya eneo lake. Kwa hesabu za mwaka 1928, hapakuwa na kosa.

Hesabu za wakati ule zilijua kitu kimoja kikuu, nacho ni mkazo: nguvu inayovuta, igawanywe kwa eneo la chuma linaloibeba. Hupimwa kwa megapaskali. Megapaskali moja ni sawa na nguvu ya niutoni moja kwenye kila milimita moja ya mraba. Mhandisi aliulinganisha mkazo huo na kiwango ambacho chuma huanza kunyooka bila kurudi, akahakikisha uko chini yake kwa kadiri ya kutosha, kisha akalala usingizi. Hesabu hiyo inachukulia kwamba chuma ni kizima.

Chukua pakiti ya plastiki ya karanga. Ukiivuta kwa mikono miwili inakataa kabisa kupasuka, lakini ukiikata kidogo ukingoni inachanika yote kwa nguvu ya vidole viwili. Plastiki ni ile ile na mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba nguvu iliyokuwa imetawanyika kwenye upana wote sasa imepata ncha ya kukusanyikia.

Mwingereza Griffith, aliyefanya kazi Farnborough, ndiye aliyeanza kulieleza jambo hili kwa hesabu, kwenye miaka ya 1920 na 1921. Alichunguza kioo, akataka kujua kwa nini huvunjika kwa mkazo mdogo sana ukilinganisha na nguvu inayoshikilia chembe zake, na akaonyesha kwamba lawama ni ya mikwaruzo na nyufa ndogo zilizomo ndani yake. Ilichukua miaka mingi hesabu hiyo kuvuka kutoka kwenye kioo hadi kwenye chuma. Mnamo mwaka 1957 Mmarekani Irwin, wa maabara ya utafiti ya jeshi la majini mjini Washington, aliiweka katika umbo ambalo wahandisi wanalitumia hadi leo. Yaani hesabu iliyolihusu Daraja la Silver ilipatikana daraja likiwa na umri wa miaka 29, na lilikuwa limebakiza kumi ya kusimama.

Wazo la Irwin ni hili. Kwenye ncha kabisa ya ufa mkali, hesabu ya kawaida inasema mkazo hauna mwisho, jambo ambalo halitusaidii, kwa kuwa hakuna chuma kinachoweza kulinganishwa na namba isiyo na mwisho. Lakini ukisogea kidogo mbele ya ncha, mkazo hushuka, na hushuka kwa namna ile ile katika kila ufa: hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha umbali kutoka kwenye ncha. Kinachotofautiana kati ya ufa mmoja na mwingine ni ukubwa wa mkusanyiko mzima. Namba moja tu inatosha kuueleza ukubwa huo. Inaandikwa K, nasi tutaiita kipimo cha ukali wa mkazo.

Kwa ufa unaoanzia ukingoni na kuingia ndani ya bapa, huku bapa likivutwa pande mbili zinazoufungua ufa huo, kanuni ni hii:

```
K = 1.12 × σ × √(π × a)
```

Hapa σ ni mkazo unaolivuta bapa mbali na ufa, kwa megapaskali. Herufi a ni urefu wa ufa kutoka ukingoni hadi kwenye ncha, kwa mita. Jibu hutoka kwa kizio chenye sura ngeni kidogo, yaani megapaskali zidisha kwa kipeuo cha pili cha mita, lakini tusikiogope. Kazi yake ni kuhakikisha tunalinganisha vitu vya aina moja.

Ile 1.12 inastahili maelezo, maana ndiyo inayoutambulisha ufa wa ukingoni. Ufa ukiwa katikati ya bapa pana, umezungukwa na chuma pande zote, kanuni yake haina 1.12, na a huwa nusu ya urefu wote kwa sababu ufa huo una ncha mbili. Ukilikata bapa hilo katikati ya ufa, unabaki na nusu yenye ufa wa ukingoni wenye urefu a. Ile nusu nyingine ilikuwa ikisaidia kuyashikilia mashavu ya ufa. Sasa haipo, ukingo uko huru, mdomo wa ufa unafunguka zaidi kidogo, na K inaongezeka kwa asilimia 12. Kosa linalofanywa mara nyingi na wanaoanza ni kuchukua ufa wa ukingoni na kuugawa kwa mbili kama ule wa katikati. Hapo K inatoka ndogo kuliko ilivyo, na hatari inafichika.

Tuijaribu. Bapa linavutwa kwa megapaskali 100, na lina ufa wa ukingoni wa milimita 10, yaani mita 0.01. Zidisha 0.01 kwa π, upate 0.0314. Kipeuo chake cha pili ni 0.177. Zidisha kwa 100, kisha kwa 1.12, na K inakuwa karibu 20. Ukitaka kuona maana yake, nenda umbali wa sehemu moja ya kumi ya milimita mbele ya ncha: mkazo pale unakaribia megapaskali 800, ilhali bapa lenyewe kwa jumla lina 100 tu.

Je, 20 ni nyingi? Swali hilo halijibiwi na kanuni. Linajibiwa na chuma chenyewe. Kila aina ya chuma ina kiwango cha K ambacho kikifikiwa ufa hautulii tena, unakimbia. Tukiite ustahimilivu wa ufa, na tukiandike Kc. Kiwango hiki hakipatikani kwa kufikiri, hupatikana maabara. Fundi huchukua kipande cha chuma hicho hicho, hukitoboa na kukichonga mfereji, hukitikisa kwa mzigo mdogo wa kurudiarudia hadi ufa mkali wa kweli uzaliwe kwenye ncha ya mfereji, kisha hukivuta polepole hadi kivunjike. Mzigo wa wakati wa kuvunjika na urefu wa ufa huingizwa kwenye kanuni ya umbo hilo, na K inayotoka ndiyo Kc.

Namba hiyo hubadilika, na hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Chuma kile kile kikiwa kwenye baridi huwa na ustahimilivu mdogo kuliko kikiwa kwenye joto. Kikiwa kinene pia hustahimili kidogo kuliko kikiwa chembamba, kwa sababu katikati ya unene chuma hubanwa na hakipati nafasi ya kunyooka. Na kwa kawaida, kadiri chuma cha aina fulani kinavyofanywa kigumu ili kibebe mzigo mkubwa, ndivyo ustahimilivu wake wa ufa unavyopungua. Mnunuzi anayeuliza nguvu ya chuma bila kuuliza ustahimilivu wake amesikia nusu ya habari.

Sasa tunaweza kuigeuza kanuni. Badala ya kuuliza K ni ngapi kwa ufa tunaouona, tunauliza: K ikifika Kc, ufa utakuwa na urefu gani? Tunaweka Kc mahali pa K, tunagawa pande zote kwa 1.12 na mkazo, tunapandisha kwa kipeo cha pili ili kuondoa kipeuo, kisha tunagawa kwa π:

```
ac = (1 / π) × (Kc / (1.12 × σ))²
```

Hiyo ac ndiyo urefu wa hatari. Chini yake ufa upo lakini umetulia, au unakua polepole. Ukifika hapo, hauhitaji kusubiri mzigo mwingine. Unapita kwenye chuma kwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde.

Tuchukue chuma chenye Kc ya 50. Namba hii naichukua kwa ajili ya zoezi, sikuitoa kwenye ripoti ya uchunguzi, lakini inafaa kwa chuma kigumu cha kaboni kikiwa kwenye baridi. Mkazo uwe 100. Kwanza 1.12 mara 100 ni 112. Gawa 50 kwa 112, upate 0.446. Kipeo cha pili ni 0.199. Gawa kwa π, unapata mita 0.063, yaani milimita 63. Huo ni ufa mrefu kuliko kidole cha shahada cha watu wengi wanavyokipima hadi kiungo cha pili. Mkaguzi mwenye tochi hawezi kuukosa.

Ongeza mkazo mara mbili, uwe 200, bila kubadilisha chuma. Urefu wa hatari unashuka hadi milimita 16 hivi. Haukupungua nusu, umebaki robo, kwa sababu mkazo umo ndani ya mabano yaliyopandishwa kipeo cha pili. Mhandisi wa mwaka 1928 aliyeongeza mkazo kwa kuwa chuma chake kilikuwa na nguvu alijua kwamba anakula sehemu ya akiba yake ya nguvu. Hakuwa na njia ya kujua kwamba akiba nyingine, ile ya ufa unaoweza kuvumiliwa, ilikuwa ikiyeyuka kwa kasi ya kipeo cha pili, na tena kutoka pande mbili: mkazo ulipanda na ustahimilivu wa chuma ukashuka.

Turudi sasa kwenye tundu la bapa la Point Pleasant. Palipo na tundu, mkazo ukingoni mwake huwa mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa bapa kwa jumla, maana nguvu inayolizunguka tundu hubanana pembeni. Chuma cha daraja lile kilikuwa kimeagizwa kianze kunyooka kwenye megapaskali 517 au zaidi, na ukingoni mwa tundu lililobeba pini ni haki kuchukulia kwamba mkazo ulifika kwenye kiwango hicho. Tuseme 500, namba rahisi. 1.12 mara 500 ni 560. Gawa 50 kwa 560, upate 0.0893. Kipeo cha pili ni 0.00797. Gawa kwa π, na jibu ni mita 0.0025.

Milimita mbili na nusu.

Wachunguzi walipata 3 hivi. Sidai kwamba hesabu yetu ya mistari minne imeikuta ripoti kwa usahihi wote huo. Nitaeleza karibuni kwa nini haiwezi. Lakini inaondoa ule mshangao tulioanza nao. Ufa wa milimita 3 haukuwa mdogo. Kwa chuma kile, kwa mkazo ule, kwenye baridi ya Desemba iliyokaribia nyuzi sifuri, ulikuwa umekwisha kukomaa.

Namna ulivyokomaa pia ilielezwa. Chuma ndani ya tundu kilipata unyevu na kutu huku kikivutwa bila kupumzika, na hali hizo mbili zikikutana zinaweza kuufungua ufa taratibu ambapo kila moja peke yake isingeweza. Juu ya hapo, kila gari lililopita liliongeza mvuto na kuuondoa. Hivyo ufa ukasogea kidogo kidogo kwa miaka 39. Sehemu ya chini ya jicho la bapa ilipopasuka ghafla, sehemu ya juu ilibeba mzigo wote, ikapinda na kukatika. Bapa la pili kwenye kiungo kile halikuweza kubaki kwenye pini lenyewe, na mnyororo ukaachia. Daraja lililotegemea minyororo miwili halikuwa na njia nyingine ya kupitisha uzito wake.

Sasa mipaka ya hesabu yetu. Nitaeleza mitatu, kwa sababu anayeitumia kanuni bila kuijua mipaka yake anaweza kudhani namba inajua zaidi ya inavyojua.

Wa kwanza unahusu upana. Ile 1.12 ni sahihi ufa ukiwa mdogo sana ukilinganisha na upana wa bapa. Ufa ukizidi kuingia, chuma kilichobaki mbele yake kinapungua na kuanza kupinda, na 1.12 inapanda. Ufa ukiwa umefika sehemu moja ya kumi ya upana, namba hiyo huwa 1.18. Ukifika moja ya tano ni 1.37, na ukifika nusu ni zaidi ya 2.8. Kwa hiyo zile milimita 63 tulizozipata kwa mkazo wa 100 hazifai kwa bapa lenye upana wa milimita 300. Ufa wa 63 ni zaidi ya moja ya tano ya upana, na kizidishi chake ni karibu 1.40. Ukiirudia hesabu kwa 1.40 unapata 41. Lakini kwa ufa wa 41 kizidishi kinashuka kuwa 1.24, na jibu linapanda hadi 52. Endelea hivyo, kila jibu likikupa kizidishi kipya, utaona namba zinapunga juu na chini, zikikaribiana, hadi zinatulia kwenye milimita 48. Hesabu ya moja kwa moja ingekupa milimita 15 za matumaini yasiyokuwepo. Kwa ufa wa milimita 2.5 kwenye bapa hilo, marekebisho haya hayana uzito.

Wa pili unahusu umbo. Kanuni inauchukulia ufa kama mkato ulionyooka, uliopita unene wote wa bapa. Nyufa za kweli huanza kama ukucha, zimepinda, na hazijafika upande wa pili. Ufa wenye umbo la nusu duara juu ya uso wa chuma hushikiliwa na chuma pande nyingi zaidi, na kizidishi chake mahali pa kina kikubwa ni karibu 0.71 badala ya 1.12. Ukiiweka namba hiyo kwenye hesabu ya tundu, urefu wa hatari unakuwa milimita 6 hivi. Basi kuutumia 1.12 pale ambapo umbo la ufa halijulikani ni kukosea upande wa usalama. Kwa mkaguzi, kati ya 2.5 na 6 tofauti si kubwa: zote ni nyufa zinazojificha.

Wa tatu ndio wenye uzito kuliko yote. Kanuni nzima inasimama juu ya dhana kwamba chuma kinarudi mahali pake, isipokuwa eneo dogo sana kwenye ncha ya ufa ambamo kimenyooka moja kwa moja. Mkazo ukiwa mdogo eneo hilo ni dogo kweli na dhana inashika. Lakini mkazo wa jumla unapokaribia kiwango cha chuma kuanza kunyooka, kama tulivyofanya kwenye tundu, eneo hilo linakua na kanuni inaanza kusema kwa kukadiria. Wahandisi wana kipimo cha kulijua hili: gawa Kc kwa mkazo wa kuanza kunyooka, pandisha kwa kipeo cha pili, zidisha kwa 2.5. Kwa namba zetu, yaani 50 na 517, inatoka milimita 23. Unene wa bapa la daraja ulikuwa milimita 51, kwa hiyo kwa upande wa unene chuma kilibanwa vya kutosha na ustahimilivu mdogo ndio uliotawala. Lakini kipimo hicho hicho hutaka urefu wa ufa nao uzidi 23, na ufa wetu una 3. Kwa hiyo jibu letu tulichukulie kama ukubwa wa jambo: ni milimita chache, wala si sentimita. Anayetaka zaidi ya hapo anahitaji njia nyingine za hesabu, zinazofuata kunyooka kwa chuma.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wakaguzi wanapaswa kuliweka moyoni. Mtu akiona ufa uliofika nusu ya urefu wa hatari, hudhani amebaki na nusu ya usalama. Sivyo. K hukua kwa kipeuo cha pili cha urefu, kwa hiyo ufa wa nusu ya ac umekwisha kuifikisha K kwenye asilimia 71 ya Kc. Ili K ibaki nusu, ufa lazima usizidi robo ya ac. Na ikitokea siku ya baridi kali ikashusha Kc kwa asilimia 30, ule ufa wa nusu unakuwa wa hatari siku hiyo hiyo bila kusogea hata kidogo. Ndiyo maana ac huhesabiwa kwa baridi kali zaidi inayotarajiwa na kwa mzigo mkubwa zaidi, na ndiyo maana ukaguzi hupangwa ili ufa mdogo unaoweza kukosekana leo usipate muda wa kukua hadi ac kabla ya ukaguzi unaofuata.

Linganisha na chuma laini cha ujenzi chenye Kc ya 100, kilichopewa mkazo wa 150 katika bapa pana. Fanya hesabu mwenyewe: 1.12 mara 150 ni 168. 100 gawa kwa 168 ni 0.595, kipeo cha pili 0.354, gawa kwa π, milimita 113. Chuma hiki kingehitaji mabapa mengi zaidi, daraja lingekuwa zito na ghali zaidi, na mtu akipitia orodha ya nguvu za vyuma angekiona dhaifu. Lakini ufa ndani yake ungetoka hadharani muda mrefu kabla ya kuua.

Kwenye Daraja la Silver hata mkaguzi mwenye bidii kuliko wote asingeweza kuuona ufa. Ulikuwa upande wa ndani wa tundu, umefunikwa na pini na vifuniko vya kiungo. Ili kuutazama ingebidi kiungo kifunguliwe, na kiungo kisingeweza kufunguliwa huku mnyororo umebeba daraja. Baada ya ajali, sheria ya mwaka 1968 iliagiza nchi nzima iwe na utaratibu mmoja wa kukagua madaraja, na viwango vyake vikatoka mwaka 1971. Daraja jipya lilifunguliwa karibu na Point Pleasant tarehe 15 Desemba 1969, miaka miwili kamili baada ya maafa.

Lilibaki daraja pacha. Juu zaidi ya mto, kwenye mji wa St. Marys, palikuwa na daraja la mpango ule ule, la miaka ile ile, lenye minyororo ya mabapa mawili mawili. Lilikuwa bado limesimama na hakuna aliyekuwa ameona ufa ndani yake. Walilifunga. Kwa daraja ambalo urefu wa hatari ni milimita chache, mahali ambapo hakuna jicho wala chombo cha wakati ule kingeweza kufika bila kulibomoa, kutouona ufa hakukuwa ushahidi wa chochote. Mwaka 1971 likabomolewa.